Umeacha kusoma, pesa bado zinakatwa: Namna ya kujitoa kwenye kozi ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi

Mwezi Agosti 2025, msikilizaji wetu mmoja wa Makambako alituandikia ujumbe akiwa amechanganyikiwa. Alikuwa ameweka pesa kwenye simu yake kwa ajili ya kulipia mzigo wa nguo anazouza, na kabla hajaituma, Sh 29,000 zikawa zimekatwa. Alifikiri ameibiwa. Alipokwenda kwa wakala, wakala naye akamwambia huenda ni matapeli, abadilishe namba ya siri.

Tulimwomba atusomee meseji neno kwa neno. Haikuwa wizi. Ilikuwa ada ya mwezi ya kozi ya kujifunza kuuza bidhaa mtandaoni, aliyojiunga nayo mwezi Machi. Aliacha kuisoma mwezi Aprili. Mwezi Mei aliifuta kabisa kwenye simu. Kwa akili yake, na kwa akili ya wengi wetu, mambo yalikuwa yameisha siku ile alipoifuta.

Tangu tuliposoma ujumbe wake hewani bila kumtaja jina, wengine wamepiga simu na kueleza yanayofanana: kozi ya Kiingereza, kozi ya kutengeneza picha za matangazo, mkufunzi wa biashara anayefundisha kwa video. Hamu imekwisha, masomo yamesimama, lakini pesa zinaendelea kutoka. Makala hii inaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na hatua za kufuata mpaka malipo yasimame kweli.

Kwanza, ulikubali nini siku ile ya kwanza?

Tumezoea ada ya kulipa kwa mkono. Ukiacha kwenda tuisheni, hulipi. Mwalimu ndiye atakayekutafuta. Kozi nyingi za mtandaoni zimejengwa kinyume cha hapo. Siku unapojiunga unaweka namba za kadi, na kwa kubonyeza kitufe cha kukubali unampa muuzaji ruhusa ya kuchota ada kila mwezi hadi utakapomwambia aache. Haulizwi tena. Hakuna namba ya siri utakayoombwa mwezi wa pili, wala wa tano.

Kadi yenyewe siku hizi si lazima uende benki. Kampuni za simu zinatoa kadi ya mtandaoni, isiyo na plastiki, iliyounganishwa na akaunti yako ya pesa. Nyingine unaiwekea pesa kwanza, nyingine inachota moja kwa moja kwenye salio. Hiyo ya pili ndiyo inayowashangaza watu, kwa sababu pesa ya mahindi, ya ada ya mtoto au ya mzigo ikiingia tu, imekaa mahali ambapo kozi inaweza kuifikia.

Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti ambayo kwa mtumiaji yanaonekana kama jambo moja. La kwanza ni kusoma kozi. La pili ni ruhusa ya kukata pesa. Ukiacha kusoma, umegusa lile la kwanza tu. Ukifuta aplikesheni, umeondoa mlango wa darasa kwenye simu yako, lakini ile ruhusa haikai kwenye simu. Inakaa kwa anayekata pesa. Ukitoka kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi, vivyo hivyo. Ruhusa inafutwa mahali ilipowekwa, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Yaliyomkuta msikilizaji wa Makambako

Tumepitia naye meseji zake zote za malipo, na ametukubalia tuzieleze. Hesabu yake inaonyesha vizuri jinsi mtego unavyofanya kazi.

Alijiunga tarehe 14 Machi kwa siku saba za bure, kupitia Google Play, akaweka kadi ya mtandaoni ya simu. Siku saba zilipoisha, tarehe 21 Machi, akakatwa Sh 29,000. Hilo alilijua na aliliridhia. Alisoma mpaka karibu tarehe 10 Aprili, kisha kazi za shamba zikambana na masomo yenyewe akayaona ni maneno mengi yasiyomhusu muuza nguo wa mnadani. Tarehe 21 Aprili akakatwa tena. Aliiona meseji, akajiambia atarudi kusoma. Mwanzoni mwa Mei akaifuta aplikesheni. Tarehe 21 Mei akakatwa, lakini siku hiyo alikuwa amefanya miamala mingi na ile meseji ikapita.

Tarehe 21 Juni hakukuwa na salio. Hapa ndipo wengi hudhani wamepata dawa: acha kadi tupu, watachoka wenyewe. Hawakuchoka. Malipo yakishindikana, mfumo wa Google Play unaweza kuisimamisha huduma kwa muda huku ukiendelea kusubiri malipo, na barua pepe za kukukumbusha zinatumwa. Yeye hafungui barua pepe. Tarehe 2 Julai aliuza mahindi na kulipwa kwa simu. Tarehe 3 Julai ada ikakatwa, na huduma aliyokuwa ameisahau ikafufuka. Tena kuanzia hapo tarehe ya malipo ikahama, ikawa tarehe 3 badala ya 21. Ndiyo maana Agosti alishtuka zaidi: hata kama angekumbuka kozi, tarehe haikufanana na ile aliyoizoea.

Jumla amekatwa mara tano, yaani Sh 145,000. Kati ya hizo, malipo manne ya Sh 116,000 yalitoka baada ya yeye kuacha kusoma. Hakuna mtu aliyeingia kwenye simu yake. Kila shilingi ilitoka kwa ruhusa aliyoitoa mwenyewe Machi.

Tafuta kwanza nani anakata

Kabla ya kubonyeza chochote, jua pesa inakwenda kwa nani. Ukikosea hapa utahangaika mahali ambapo hapahusiki. Tazama meseji ya muamala, na barua pepe ya risiti. Kama huzioni, fungua barua pepe uliyojiungia, na kwenye sehemu ya kutafuta andika receipt, kisha ujaribu invoice, kisha subscription. Hayo ndiyo maneno ambayo risiti za Kiingereza hutumia.

Ukiona jina la Google pamoja na jina la kozi, ulijiunga kupitia Google Play. Unajitoa Google Play. Ukiona Apple, ulijiunga kwa aifoni. Ukiona jina la kozi au la kampuni peke yake, uliweka kadi yako moja kwa moja kwenye tovuti yao, na huko ndiko utakakojitoa. Na ukiona ulituma mwenyewe pesa kwenye namba ya mtu au lipa namba kila mwezi, basi hakuna kinachokatwa chenyewe. Hilo tutalifikia mwishoni.

Jihadhari na jambo moja: jina kwenye risiti linaweza lisifanane na jina la kozi, kwa sababu kampuni inayopokea malipo huwa na jina lake. Linganisha kiasi na tarehe, usitegemee jina tu.

Kujitoa Google Play

Fungua Google Play, ile aplikesheni unayopakulia aplikesheni nyingine. Gusa picha au herufi ya jina lako juu upande wa kulia. Chagua Payments & subscriptions, kisha Subscriptions. Utaona orodha ya vitu vyote unavyolipia, hata vile ambavyo aplikesheni zake umezifuta zamani. Gusa kozi husika, kisha Cancel subscription. Utaulizwa sababu, chagua yoyote na uendelee hadi mwisho. Kama simu yako imewekwa Kiswahili, vitufe hivyo vitasomeka Kiswahili kwa maana hiyohiyo.

Kama orodha ni tupu na wewe una hakika unakatwa, mara nyingi sababu ni kwamba simu ina akaunti mbili za Google. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti na fundi au mtoto, kisha tukafungua nyingine tulipobadilisha simu. Gusa tena ile picha juu kulia, hamia akaunti nyingine, na uangalie upya. Msikilizaji wetu wa Makambako alikwama hapo kwa karibu saa nzima: usajili ulikuwa kwenye akaunti ya zamani.

Kwa wenye aifoni, ingia Settings, gusa jina lako juu kabisa, kisha Subscriptions, na huko utakuta kitufe cha kusitisha.

Ukisitisha, kozi haifungwi saa ileile. Utaandikiwa tarehe ambayo huduma itakoma, kwa kawaida mwisho wa mwezi uliokwisha kuulipia. Hiyo ndiyo alama kwamba umefanikiwa. Mahali palipokuwa pameandikwa kwamba utatozwa tena tarehe fulani, sasa paandikwe kwamba huduma itaisha tarehe hiyo. Kama bado panasema utatozwa, hujamaliza.

Kujitoa kwenye tovuti ya kozi

Hapa ndipo penye vichochoro. Ingia kwenye tovuti kwa kivinjari cha simu, siyo kwa aplikesheni, kwa sababu aplikesheni nyingine hazina kabisa sehemu ya malipo. Tafuta neno Account au Settings, halafu ndani yake Billing, Subscription au Membership. Kitufe unachokitaka mara nyingi kiko chini kabisa, kwa maandishi madogo, hakina rangi.

Ukikibonyeza, kurasa mbili au tatu zinaweza kufuata, na kila moja ina vitufe viwili. Kile kikubwa chenye rangi mara nyingi ndicho cha kukubakiza. Keep my plan maana yake naendelea. Pause maana yake nasimama kwa mwezi mmoja au miwili kisha makato yanarudi yenyewe, na huo ndio mtego mzuri kuliko yote kwa mtu aliyepoteza hamu, maana unaonekana kama umetoka. Unaweza kupewa punguzo la nusu bei kwa miezi mitatu. Ukikubali, umejiunga upya. Unachotafuta ni Cancel, au Turn off auto-renew, ambayo maana yake ni kuzima malipo ya kujirudia. Endelea mpaka uone ukurasa unaothibitisha, au upokee barua pepe ya uthibitisho.

Usianze na Delete account. Kufuta akaunti kunaonekana kama njia ya uhakika zaidi, lakini katika baadhi ya huduma akaunti inafutwa huku makato yakiendelea, na wewe huna tena pa kuingia kuyasimamisha. Sitisha malipo kwanza, pata uthibitisho, ndipo ufute akaunti ukipenda.

Kama kitufe hakionekani kabisa, andika barua pepe kwa anwani yao ya msaada. Taja mambo manne tu: barua pepe uliyojisajilia, jina la kozi, kwamba unasitisha usajili kuanzia leo, na kwamba huwaruhusu kukata tena kwenye kadi yako. Usieleze matatizo ya shamba wala usiombe ushauri. Ukiomba ushauri, utajibiwa kwa ushauri, na mwezi utapita.

Mwisho, tarehe. Fanya haya siku mbili tatu kabla ya tarehe ya makato, siyo siku yenyewe. Saa za mfumo zinaweza kuwa za nchi nyingine, na malipo yanaweza kupita alfajiri kabla hujaamka. Na kwa siku saba za bure, unaweza kusitisha hata siku ya kwanza; mara nyingi utaendelea kusoma mpaka siku hizo ziishe, ila hakikisha kwanza ukurasa unasema hivyo.

Je, naweza kufunga kadi tu?

Swali hili limekuja mara nyingi zaidi ya yote. Kufunga kadi ya mtandaoni kunaweza kuzuia pesa isitoke, na kama unakatwa na kampuni usiyoweza kuipata, ni ulinzi wa dharura unaofaa. Lakini hakuvunji makubaliano. Fanya vyote viwili: sitisha, kisha funga.

Sababu ya kusema hivyo ni kwamba si kila malipo ya mwezi ni ya mwezi. Kozi ya kawaida inauzwa mwezi kwa mwezi, na ukitoka, hudaiwi. Programu za ukufunzi, hasa zile za mkufunzi kukutana nawe ana kwa ana kwa video, mara nyingi zinauzwa kama kifurushi cha miezi sita au mwaka, bei moja, ambayo umeruhusiwa kuilipa kwa awamu. Kwa macho vinafanana: dola kumi na tano mwezi huu, dola kumi na tano mwezi ujao. Kisheria ni tofauti kama kupanga chumba mwezi kwa mwezi na kununua pikipiki kwa mkopo. Ukirudisha chumba, umemaliza. Ukiacha kuendesha pikipiki, deni lipo palepale.

Utazitambua kwa maneno ya siku ya kujiunga. Cancel anytime inamaanisha unatoka wakati wowote. Payment plan, au maneno kama malipo 6 ya dola kadhaa, yanaonyesha awamu za bei moja. Ukikuta umeingia kwenye ile ya pili, usikae kimya. Andika mapema, omba kutolewa, na soma masharti ya kurudishiwa pesa yanasemaje. Wakufunzi wengine hukubali mtu alipie alichotumia na kuondoka, lakini hilo ni maelewano, si haki ya moja kwa moja.

Pesa iliyokwisha kutoka

Tuwe wakweli: miezi uliyosahau, kwa kawaida haitarudi. Kozi ilikuwa wazi kwako, hata kama hukuifungua. Msikilizaji wetu alitarajia kurudishiwa miezi yote minne, na hakurudishiwa.

Alichopata ni mwezi wa mwisho. Google Play inapokea ombi la kurudishiwa pesa ndani ya saa 48 tangu makato. Baada ya hapo inakuelekeza kwa mwenye aplikesheni. Yeye alikatwa tarehe 3 Agosti, akatuandikia siku iliyofuata, na siku hiyohiyo tukamwelekeza asitishe na kuomba. Ukiingia play.google.com kwa kivinjari na kufungua historia ya ununuzi wako, kila muamala una sehemu ya Report a problem. Alieleza kwa sentensi mbili kwamba hakukusudia kuendelea na hajafungua kozi mwezi huo. Sh 29,000 zikarudi. Ombi hilo halikubaliwi kwa kila mtu, lakini baada ya saa 48 nafasi inakuwa ndogo zaidi.

Hali ni tofauti kama ulisitisha, una ushahidi, na bado umekatwa. Hapo una dai lenye nguvu. Kanuni za Visa, kwa mfano, zina kipengele mahususi cha malipo ya kujirudia yaliyoendelea baada ya mteja kuyasitisha. Unapeleka malalamiko kwa aliyekupa kadi, yaani benki au kampuni ya simu, na wao ndio wanaoliwasilisha dai. Watakuuliza kitu kimoja: uthibitisho kwamba ulisitisha, na tarehe yake. Ndiyo maana nasisitiza picha ya skrini. Ukurasa unapokuambia umefanikiwa, piga picha hiyo na uitume kwa mtu unayemwamini kwenye WhatsApp, ili hata simu ikipotea ushahidi ubaki. Usichelewe miezi, maana madai haya yana ukomo wa muda.

Na onyo moja. Ukilalamika hadharani Facebook kwamba unakatwa pesa, mtu anaweza kukufuata faraghani akijifanya mtoa huduma, aseme atakurudishia, kisha aombe namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwa meseji. Anayerudisha pesa hahitaji namba yako ya siri.

Kwa nini kutoka kunafanywa kugumu

Hii si bahati mbaya ya kiufundi, na si sisi wa vijijini tu tunaokwama. Mwezi Septemba 2025, Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya Chegg, inayouza msaada wa masomo kwa wanafunzi kwa malipo ya kujirudia, imekubali kulipa dola milioni 7.5 kumaliza shauri kuhusu namna ilivyoshughulikia watu waliotaka kujitoa. Tume ilidai kwamba njia ya kutoka ilikuwa ngumu kuipata na kuifuata, na kwamba karibu wateja 200,000 waliendelea kutozwa hata baada ya kuomba kusitisha.

Miezi miwili kabla ya hapo, Julai 2025, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikuwa imeitupa kanuni mpya ya tume hiyohiyo, iliyotaka kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Mahakama haikusema kanuni ni mbaya. Ilisema tume iliruka hatua moja ya kutathmini gharama kabla ya kuipitisha. Iliyobaki ni sheria ya mwaka 2010, ambayo tayari inamtaka muuzaji wa mtandaoni aweke njia nyepesi ya kusimamisha makato, na ndiyo iliyotumika dhidi ya Chegg.

Nalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, linaonyesha biashara yenyewe ilivyo: mwanafunzi aliyepoteza hamu lakini hajajitoa ni mteja anayelipa bila kutumia chochote. Hatumii muda wa mkufunzi, haulizi maswali, na ada inaingia. Kampuni isiyo na nidhamu haina haraka ya kumwonyesha mlango. Pili, linaonyesha ulinzi wetu unaishia wapi. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na tuna Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko ya walaji. Zinaweza kukusaidia dhidi ya muuzaji aliyepo nchini. Lakini kozi nyingi za dola zinauzwa na kampuni zisizo na ofisi hapa, na kesi ya Sh 29,000 kuivukisha bahari haiwezekani kwa mkulima. Kwa mtu wa kwetu, kinachomlinda kweli ni kile kitufe, ile tarehe na ile picha ya skrini.

Mkufunzi unayemjua

Imebaki aina moja, na kwa wasikilizaji wetu huenda ndiyo inayouma zaidi. Ni mkufunzi wa Kitanzania anayefundisha kwenye kundi la WhatsApp, na unamtumia mwenyewe Sh 20,000 au 30,000 kila mwezi. Kiufundi hii ni rahisi: usipoweka namba ya siri, pesa haitoki. Kinachowazuia watu ni aibu. Mama mmoja wa Wanging'ombe aliniambia amelipa miezi mitatu ya ziada kwa sababu mkufunzi alikuwa anamwita dada, na kila alipotaka kuacha alitumiwa ujumbe wa sauti wa kumtia moyo asikate tamaa.

Kunyamaza na kutoka kwenye kundi usiku si njia nzuri, kwa sababu huenda mkufunzi akahesabu kwamba bado unadaiwa, na mkikutana mnadani mambo yanakuwa mazito. Andika mapema, kabla ya tarehe ya kulipa, ujumbe mfupi kama huu:

"Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa mafunzo ya miezi hii. Kuanzia mwezi ujao sitaendelea na programu, na malipo yangu ya mwisho ni yale niliyotuma tarehe 5. Naomba uniondoe kwenye orodha ya wanaolipa, na unithibitishie kwamba sidaiwi. Ahsante."

Kama mkufunzi ni kijana, badala ya shikamoo weka salamu inayomfaa. Lakini usiweke "labda", "kwa sasa" wala "nikipata pesa nitarudi", kama huna nia hiyo. Maneno hayo ndiyo yanayofungua mlango wa kubembelezwa. Anapojibu kwamba hudaiwi, hifadhi jibu hilo.

Msikilizaji wetu wa Makambako alisitisha tarehe 4 Agosti. Tulimwomba atupigie baada ya tarehe 3 Septemba, kwa sababu uhakika wa mwisho ni siku ya makato kupita bila meseji. Alipiga tarehe 5. Salio lilikuwa kama alivyoliacha.

Kama nawe unakatwa na hujui ni nani, tusomee meseji ya muamala hewani au kwa ujumbe, ukificha namba zako za siri na za kadi. Tutaitazama pamoja.